Dada, Sombe Hiyo Ina Dagaa

Dada yangu, pole na safari ya kutoka Biharamulo.

Nimeitwa msibani Kabanga, watoto watakupokea. Chakula chako kiko kwenye hotipoti nyekundu. Sufuria ya sombe iliyo jikoni usiiguse, hata ukiambiwa haina nyama.

Mchana nilitwanga kisamvu, nikakichemsha bila mfuniko mpaka ukali ukaisha, nikatia karanga na mawese. Nilikumbuka uliyoniambia kwenye simu, kwamba huli nyama wala samaki, nikaishia hapo. Nilipokwenda kuteka maji, mama mkwe akaonja, akaona chakula cha mgeni kimepooza. Akachukua dagaa, akawakaanga bila mafuta, akawatwanga, akachekecha, akatia vijiko viwili vya unga wake. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni.

Aliniambia nisihofu, dagaa hawaonekani tena. Hapo ndipo penye shida. Wangekuwa wazima tungewatoa, ingawa mchuzi ungebaki na mafuta na ladha yao. Unga ukishachanganyika na karanga hautoki, na chakula chote kinakuwa cha samaki.

Siku ukiwa na shaka kwenye nyumba nyingine za huku Ngara, koroga kidogo uangalie pembeni mwa sufuria. Utaona vichembe vinavyong'aa kama fedha, na vidoa vyeusi vya macho. Ukionja, uchungu mdogo wa vichwa na matumbo hubaki kooni. Lakini mawese yakiwa mengi hufunika dalili hizo, na unga uliochekechwa vizuri hauachi kitu cha kuona. Kwa hiyo uliza waziwazi, "Mmetia unga wa dagaa?" Ukiuliza nyama tu, utajibiwa haimo, na aliyekujibu hatakuwa amekudanganya.

Nimekupikia upya ndizi na maharage. Kinu sikukitumia, maana unga wa dagaa ulikuwa umeingia kwenye nyufa za mti, na kuosha hakuutoi wote. Karanga nimeziponda kwa chupa juu ya sinia. Kisha nikaloweka uyoga mkavu katika maji ya moto, nikaukatakata, na yale maji nikayachuja na kuyamimina kwenye mchuzi pamoja na nyanya na kitunguu. Maji ya uyoga ndiyo yanayoupa mchuzi ule uzito ambao watu huutafuta kwenye dagaa. Mwiko wake ni ule mfupi, usichanganywe na wa sombe.

Asubuhi watoto watakunywa uji wa lishe. Unga wetu tumesagisha mahindi, soya, karanga na dagaa humohumo, na mgeni hawezi kujua kwa kuutazama. Wako ni ulezi mtupu, uko kwenye kopo jeupe.

Mama mkwe nimemweleza. Akikukaribisha sombe kwa mazoea, mwambie tu asante, umeshiba. Hatakasirika, maana huo uyoga ametoa yeye kwenye akiba yake.