Dirisha la Pembe, Pazia la Kugoma

Jamani, nani alimtuma fundi wangu anijengee dirisha la kutokeza? Mimi niliomba nyumba tu, hapa Mzinga, ya kujificha na mvua ya Uluguru. Yeye akaniwekea sebuleni dirisha la vioo vitatu: cha mbele kimetangulia, viwili vya ubavuni vimekaa mshazari. Majirani wakasifia. Hakuna aliyeuliza pazia litapita wapi.

Nikanunua fimbo tatu zilizonyooka, maana ndizo zilizojaa dukani, na mapazia ya ringi. Sasa kila penye pembe fimbo zinakutana kwenye breketi. Ringi ikifika hapo inagoma. Ukivuta, inagoma. Ukibembeleza, inagoma. Mwanya unabaki mpana, na vijana wa bodaboda kijiweni wanakijua chakula changu cha usiku. Juzi mmoja kaniuliza, "Mzee, dagaa walikuwa na mchanga nini? Naona uliwasogeza pembeni."

Mke wangu akaita fundi mwingine, kijana mdogo tu. Akatazama fimbo zangu, akacheka. Shikamoo ikaja baadaye.

"Mzee, hapa panataka reli ya kukunja."

Kumbe ni reli ya aluminiamu yenye mfereji, ndani yake zinatembea rola ndogo za plastiki. Pazia linaning'inia kwa kulabu. Breketi zinaishika reli kwa juu, hivyo rola inapita chini yake bila kugusa kitu. Ringi zangu? Eti nizipeleke chumba cha watoto, chenye dirisha la kawaida.

Vipimo ninavyo, nikamwambia kwa sauti, mama mkwe asikie. Ukutani ni sentimita 60, 150, 60, jumla 270. Kijana akatikisa kichwa. Reli haigusi ukuta, inakaa sentimita 10 ndani, na huko ndani njia ni fupi. Kwa pembe ya nyuzi 135 kama zangu, kila upande unaogusa pembe unapungua sentimita 4 hivi. Pembe mbili, mara nne. Reli ikawa 254. Mama mkwe akaguna.

Akakata kadibodi ikalingana na pembe, ndipo akaanza kukunja, taratibu, reli ikizunguka ndoo. Nikajitolea kuikunjia gotini. Nikapewa kazi ya kushika ndoo. Ukikunja kwa pupa mfereji unabanwa, rola inakwama, na hata ukiinyoosha tena ule mkunjo hautoki. Kila baada ya kukunja kidogo alipitisha rola moja. Ikisita, anaacha. Breketi akaweka huku na huku ya kila mkunjo, maana hapo ndipo uzito wa pazia unapovutia.

Sasa ndugu yangu unayejenga, kabla fundi hajapanga tofali la dirisha la mbwembwe, mwulize pazia litapita wapi. Akisema "tutaona mbele ya safari", mwambie akujengee la mraba.