Jinsi ya Kufufua Kompyuta Iliyohama, Bila Kuipiga Makofi

Kwanza, acha kuipiga. Kompyuta si punda, na kofi halijawahi kuingiza ramu mahali pake. Pili, funga mdomo. Wapulizaji wamejaa kila mtaa: wakifungua kava tu, mashavu yanavimba kama wanazima mshumaa wa sikukuu. Pumzi hiyo ina unyevu na mate, vitu viwili ambavyo dhahabu ya kwenye ramu haivihitaji hata kidogo.

Sasa tuje kwa mgonjwa. Shangazi yangu ana steshenari, na kompyuta yake ilihama kutoka Magomeni kwenda Manzese ndani ya bajaji. Ilipofika, feni zilizunguka na taa iliwaka, lakini monita ilibaki nyeusi na ndani ya boksi kukawa na mlio usiokatika, piii, piii.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Njoo uone, kitu kimekufa. Kijana wa jirani anasema ninunue nyingine.”

Kijana huyo alitoa hukumu kabla ya kufungua hata skrubu moja. Feni zikizunguka, umeme unafika. Maana ya milio hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, lakini ikianza mara tu baada ya safari, ramu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mtikisiko wa barabarani husogeza kijiti kidogo sana, pengine bila jicho kuona, na mguso mmoja ukipotea mashine haiwezi kuamka. Kama feni nazo zimekaa kimya, acha ramu na uanze na waya wa umeme na swichi ya nyuma.

Chomoa waya ukutani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi, ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua kava na uguse chuma tupu cha boksi kabla ya kugusa kingine chochote, maana umeme tuli wa mwilini mwako unaweza kuunguza ramu bila wewe kuhisi.

Ramu ni vile vijiti virefu vilivyosimama karibu na prosesa. Fungua vibanio vya kwenye ncha (baadhi ya bodi zina kibanio upande mmoja tu), kijiti kitanyanyuka. Kishike kingo, usiguse meno ya dhahabu. Lowesha kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa meno pande zote mbili, acha yakauke kabisa. Kama huna, kifutio cheupe cha penseli kinafaa, ukisugua taratibu na mbali na bodi ili vumbi lake lisidondokee kwenye tundu. Msasa na steelwuli waachie wasugua masufuria. Tabaka la dhahabu ni jembamba mno, na ukilikwangua umeliondoa moja kwa moja.

Kurudisha ndipo wengi wanapokosea. Meno yana pengo moja lisilo katikati. Lilinganishe na kizuizi cha kwenye tundu, kisha kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba, kwa nguvu sawa, mpaka vibanio vifunge kwa sauti, tik. Bila tik, hujamaliza. Ikigoma kabisa, umeigeuza, usishindane nayo.

Sasa jaribu kijiti kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila unapobadilisha. Shangazi alikuwa na vijiti viwili vya DDR3, GB 4 kila kimoja. Cha kwanza kwenye tundu la kwanza: mashine iliwaka. Cha pili kwenye tundu hilo hilo: ikawaka pia. Basi vijiti vyote ni vizima. Kijiti chochote kwenye tundu la pili: piii. Ugonjwa ulikuwa kwenye tundu, si kwenye ramu. Tulimulika kwa tochi ya simu, tukaona fundo la vumbi limelala katikati ya miguso. Brashi laini iliyo kavu ililitoa, tukarudisha vijiti vyote viwili, na kwenye BIOS ikasomeka 8192 MB.

Zingatia pia subira. Baada ya kubadilisha ramu, kompyuta mpya za DDR4 na DDR5 hukaa na monita nyeusi kwa muda, pengine zikijizima na kujiwasha, kwa sababu zinaipima ramu upya. Ukikata umeme hapo, unairudisha mwanzo.

Kama kijiti kimoja kinagoma kwenye kila tundu ilhali kingine kinawaka, hicho kimekufa, hakuna usafi utakaokirudisha. Na kama hata kimoja hakiwaki popote, tafuta fundi.

Ukihama tena, ilaze kompyuta upande ambao bodi iko chini, weka godoro au blanketi chini yake, na usimruhusu kijana wa jirani akae juu yake.