Sentensi Nne za Kumtoa Mwanafunzi Kwenye Usimulizi

Mwalimu, umeamua kurekodi video ya dakika tano kuhusu insha ya fasihi. Usianze na fasili ya insha, kwa sababu utangulizi, kiini na hitimisho wanafunzi wako wanavikariri tangu kidato cha kwanza. Wanakokwama ni ndani ya kiini, pale aya inapogeuka hadithi. Basi chukua aya moja tu uijenge mbele ya macho yao.

Andika swali juu ya skrini na liache hapo mpaka mwisho: "Mwandishi wa riwaya ya Takadini amemchora mwanamke katika nafasi mbalimbali. Jadili." Chini yake pawe peupe.

Sentensi ya kwanza: hoja. Anza kwa kuchapa sentensi inayopendwa kuliko zote madarasani: "Mwanamke ni nguzo ya jamii, kwani ukimwelimisha mwanamke umeelimisha jamii nzima." Iache kidogo, mwanafunzi aitambue kuwa ni yake. Kisha uliza kwa sauti: imetoka ukurasa gani wa riwaya? Haikutoka popote. Inatosha kwenye insha ya Takadini, kwenye risala ya Machi 8 na kwenye hotuba ya mgeni rasmi wa mahafali, ndiyo maana haijibu swali hili. Ifute herufi kwa herufi, wakiona. Halafu chapa: "Kwanza, mwanamke amechorwa kama mtetezi wa uhai wa mtoto wake." Sasa aya ina nafasi moja ya kuthibitisha.

Sentensi ya pili: maelezo. Hapa wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye "kwa mfano". Wazuie. Neno "mtetezi" bado halijasema anatetea kwa njia gani: kwa kulia, kwa kubembeleza wazee, au kwa kitendo? Chapa: "Mwanamke huyu haishii kulalamika, bali anachukua hatua inayopingana na mila ya jamii yake." Maelezo haya ndiyo yatakayoamua mfano upi uingie na upi ubaki nje.

Sentensi ya tatu: mfano. Hatari kubwa iko hapa. Ukimwachia mwanafunzi, Sekai atatoroka kijijini, atakatiza pori, atapokewa kwa Chifu Masasa, Takadini atakua, atajifunza kupiga mbira, atampenda Shingai, na ukurasa utaisha kabla hoja haijaguswa tena. Mwonyeshe jambo hilo likitokea: jaza skrini kwa usimulizi huo wote, kisha futa kila kitendo ambacho si cha kumtetea mtoto. Kitakachobaki ni hiki: "Kwa mfano, Sekai anapomzaa Takadini akiwa na ualbino, mila inataka mtoto auawe, lakini yeye anatoroka naye kijijini." Jina lipo, tukio lipo, na sababu ya tukio ipo. Yatosha.

Sentensi ya nne: kufunga. Mwanafunzi akifika kwenye mfano huweka nukta na kuhamia "Pili". Msahihishaji anabaki na tukio mkononi, akijiuliza linathibitisha nini. Chapa: "Kwa kutoroka, Sekai anaacha ndoa yake na jamaa zake, jambo linaloonyesha kuwa yuko tayari kupoteza kila kitu ili mtoto wake aishi." Sentensi hii haiongezi tukio, inasema thamani ya tukio lililokwisha kutajwa. Ikianza na "baada ya hapo" au "kisha", ujue usimulizi umerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa zipake rangi: hoja bluu, maelezo kijani, mfano njano, kufunga nyekundu. Waambie wachukue insha zao za zamani na penseli nne za rangi hizo wafanye vivyo hivyo. Aya ambayo karibu yote ni njano ni hadithi. Aya isiyo na njano hata kidogo ni hotuba. Zote mbili hupoteza alama, na mwanafunzi mwenyewe ataona kosa bila kusubiri kalamu ya mwalimu.

Waambie pia mpaka wa kanuni hii. Sentensi nne ni kipimo cha kujifunzia. Hoja nzito inaweza kudai mifano miwili, na aya ikawa na sentensi sita. Rangi zinaweza kurefuka, ila hakuna inayoruhusiwa kukosekana.

Usifunge video kwa kurudia uliyosema. Chapa hoja ya pili, "Pili, mwanamke amechorwa kama mwenye msimamo katika mapenzi", acha mstari wa kijani wazi, weka jina la Shingai kwenye njano, acha na nyekundu wazi. Mwambie mwanafunzi asimamishe video, achukue daftari na ajaze mistari hiyo mwenyewe kabla hujamwonyesha jibu lako.