Meneja Asiye na Mtu Chini Yake

Ukijitambulisha mjini Lodwar kuwa wewe ni meneja, jiandae kwa maswali mawili. La kwanza, una watu wangapi chini yako? La pili, umepewa gari? Mimi ni meneja wa bidhaa, na bidhaa yenyewe ni huduma ya simu. Chini yangu hakuna mtu, na gari langu ni boda boda yoyote iliyo karibu. Shangazi yangu alipoyasikia haya aliniuliza, kwa upole kabisa, kama wanaonilipa wananijua kwa sura.

Shangazi haajiri mtu, kwa hiyo huyo tumsamehe. Shida ni kwamba wanaoajiri nao huanzia papo hapo. Jopo lililonihoji kwa nafasi ya Kakuma lilikuwa na watu watatu: madamu wa ajira aliyeletwa na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi na bado alikuwa anapigana na joto, mhasibu mwenye kikokotoo, na mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyealikwa kuwakilisha jamii. Hakuna kati yao aliyewahi kuandika programu, wala hawakutakiwa. Walitaka kujua niliamua nini, niliacha nini ili uamuzi huo usimame, na kikatokea nini tulipozindua.

“Hapa umeandika uliongoza wahandisi,” madamu alianza. “Walikuwa chini yako?”

“La, madamu. Walikuwa chini ya mkuu wao.”

“Sasa uliwaongozaje?”

“Kwa kubembeleza, na kwa hesabu.”

Mhasibu aliposikia neno hesabu akavuta kiti. Nikaona nianze na kisa cha ng'ombe.

Huduma yetu ilikuwa inawatumia wafugaji ujumbe mfupi asubuhi ya siku ya soko: mbuzi anauzwaje Lodwar, anauzwaje Kakuma, na kondoo, na ngamia. Ujumbe mmoja kwa mtu mmoja, na simu ya kabambe inatosha. Kisha wafugaji wakalalamika kwamba ng'ombe tumemsahau, tukamwongeza. Wiki ileile ankara ya ujumbe ikapanda mara tatu. Wapokeaji ni walewale, siku za soko ni zilezile. Katika kikao cha ofisi mtu akasema ng'ombe amekula bajeti, na kila mtu akacheka isipokuwa mwenye bajeti.

Aliyekula kweli alikuwa ng'ombe, au tuseme ile alama iliyo shingoni mwake. Ujumbe wa simu hubeba herufi 160 ukiandikwa kwa herufi na alama za kawaida ambazo mitambo ya simu inazijua tangu zamani. Alama moja tu ngeni ikiingia, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye nafasi kubwa kwa kila herufi, na sasa unabeba 70 tu. Ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande kinapoteza nafasi kidogo ya kubeba maelezo ya kuviunga, kinabaki na 67. Ujumbe wetu ulikuwa na herufi kama 150. Jana ulikuwa kipande kimoja, leo ni vitatu, na kampuni za simu hutoza kwa kipande.

Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ni miongoni mwa alama za kawaida. Iliyopinda si mojawapo. Orodha ya bei ilikuwa inapitishwa kwanza kwenye programu ya kuandikia barua ili ionekane safi, na programu hizo zina adabu zake: ukiandika ritifaa iliyonyooka, zinaipinda bila kukuuliza. Kwa jicho huoni tofauti.

Mwalimu alikuwa ameshaweka miwani. Nadhani hakutegemea kusikia ritifaa ikitajwa katika mahojiano ya kazi ya kompyuta.

Fedha ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, nikawaambia, lakini haikuwa mbaya zaidi. Simu nyingi huviunga vile vipande vikaonekana ujumbe mmoja. Nyingine kuukuu haziungi, na mtandao ukiwa dhaifu kipande kinaweza kuchelewa au kupotea. Mzee mmoja wa upande wa Kakuma alipokea kipande cha mwisho peke yake: bei tupu, bila mnyama. Akadhani ni deni. Akafunga safari hadi kwa mtu wetu wa sokoni kukana kwamba amewahi kukopa kwetu.

“Uliamuaje?” madamu akauliza, na kalamu ikasimama.

Palikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza, kumwondoa ng'ombe. Kwa wauzaji wengi wa Turkana mbuzi ndiye biashara ya kila wiki, lakini wale waliomwomba ng'ombe wangetuona watu wa ahadi hewa. Ya pili, kuandika “ngombe” tu. Hapa mwalimu alitoa sauti kooni. Ni rahisi, ni bure, na mfugaji angeelewa bila taabu. Ya tatu, kuwaomba wahandisi waweke chujio linalonyoosha kila alama iliyopinda kabla ujumbe haujatoka, na kumwonyesha mwandishi wa ujumbe utakuwa vipande vingapi kabla hajabonyeza “Tuma”. Hii ilikula muda wa wahandisi, na muda huo ulikuwa umeahidiwa kazi nyingine: orodha ya namba za simu za wanunuzi, ambayo mkubwa wetu alikuwa ameshaitangaza kwa wafadhili.

“Ukachagua chujio kwa heshima ya lugha,” mwalimu alisema.

Ningependa iwe hivyo. Nilichagua chujio kwa sababu kumvua ng'ombe ritifaa kunaponya neno moja. Kesho mtu angebandika alama za usemi zilizopinda, au kistari kirefu, au kiuso kinachocheka, na tungerudi kwenye vipande vitatu. Nikamwandikia mhandisi mkuu hesabu ya mfano: tuseme kipande ni shilingi moja na wapokeaji 1,000, siku moja ya soko ni shilingi 1,000 au 3,000. Akaisoma, akaondoka kimya, na kwa mhandisi hiyo ni kukubali. Orodha ya wanunuzi ikasogezwa mbele, na mkubwa akaninunia mpaka ankara iliyofuata.

Mhasibu alifuatilia hesabu kwenye kikokotoo, akaridhika, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. “Hii si ndiyo kama Bamba Chakula?”

Sikuitengeneza mimi, nikamjibu, ila ni mfano mzuri kuliko wangu, maana kila aliyeishi Kakuma anaujua. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya mgao kwa pesa ya simu. Laini inaingizwa salio, mtu anakwenda kwa mwenye duka aliyesajiliwa, anachukua chakula anachotaka. Uamuzi wenyewe ulikuwa kwenye kizuizi: pesa ile ilinunua chakula tu, tena kwa wafanyabiashara walioteuliwa. Kwa hilo mfadhili alipata uhakika kwamba fedha yake imekuwa unga na maharagwe, na mwenye duka wa kambini akapata wateja ambao zamani walikuwa wanasimama kwenye foleni ya magunia. Kilichoachwa ni uhuru wa mnunuzi. Mafuta ya taa hayaliwi. Viatu vya mtoto wa shule haviliwi pia.

“Kikatokea nini?” Sasa madamu alikuwa anauliza kama mtu anayesikiliza hadithi, na mimi nikajisahau kidogo.

Yaliyotokea mengi yalikuwa mema. Ila watu wana mahitaji mengine, na mgao wa mwezi huisha kabla ya mwezi. Wakakopa dukani, na mwenye duka akataka amana. Katika Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma, watafiti walikuta madeni yameenea, na wenye maduka wamezishika laini za wateja kama rehani. Kitu kilichobuniwa kiwe mfuko wa mteja kikawa kwenye droo ya muuzaji. Mwaka 2019 baadhi ya kaya za huko zikaanza kupewa pesa ya matumizi huru kupitia akaunti za benki.

Sasa, nikawaambia, fikirieni meneja aliyekaa Nairobi anatazama skrini. Ataona laini karibu zote zimetumika, na chakula kimenunuliwa. Kwake huo ni uzinduzi uliofana. Akitaka kujua zaidi atafute kitu kingine: salio linaloisha lote kwa mpigo mmoja, mara tu linapoingia, duka lilelile kila mwezi. Hiyo ni dalili kwamba laini inalala dukani. Si ushahidi, kwa sababu mama mwenye watoto wanaolia naye hununua yote siku ya kwanza, na huenda duka la karibu ni moja. Itabidi mtu apande gari, avuke laga ya Tarach kama haijajaa, akamwulize mama huyo laini yake iko wapi.

“Na nyinyi mlipima nini?” mhasibu akauliza. Swali la haki.

Kwa ujumbe tulipima vipande kwa kila mpokeaji, na vikarudi kimoja. Malalamiko ya bei zisizo na mnyama yakakoma. Lakini tulikuwa pia na menyu ya kuuliza bei wakati wowote, ile ya nyota na reli, isiyohitaji bando. Huko tulijisifu kwa idadi ya maswali mpaka tulipotazama yanatoka kwa nani. Namba chache zilikuwa zinauliza tena na tena asubuhi ya soko, Lodwar na Kakuma kwa zamu. Mfugaji mwenye mbuzi wawili hana haja ya kuuliza hivyo. Tukazipigia. Walikuwa madalali.

Walitushukuru sana. Mmoja alisema zamani alikuwa anamlipa kijana wa Kakuma ampigie simu, sasa ameokoa hiyo hela. Mfugaji naye bei alikuwa anaijua, sawa, lakini kati ya Lodwar na Kakuma ni kama kilomita 120, na mbuzi hapandi boda boda kwa kujua bei. Aliyekuwa na lori ndiye aliyeweza kuitumia habari, na mwenye lori ni dalali. Ile orodha ya wanunuzi niliyoisogeza mbele isingebadilisha hilo. Nauli ya pamoja pengine ingebadilisha, ndiyo maana kazi iliyofuata niliyoipigania ilikuwa ya wafugaji kuchanga lori, nayo ilikuwa bado kwenye majaribio mkataba wangu ulipoisha.

Madamu aligeuza fomu. “Kuna visanduku viwili tu hapa,” alisema. “Mradi ulifaulu, au haukufaulu. Niweke alama wapi?”

Nilimweleza kwamba gharama ilifaulu, usomaji ulifaulu, na faida ilikwenda kwa mtu tusiyemkusudia. Akatazama visanduku vyake, akamtazama mhasibu, mhasibu akatazama kikokotoo.

“Andika pembeni,” mwalimu akasema, “na mwandiko uwe mdogo.”