Dakika Tatu za Mwenyekiti

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kidevu cha mteja pale Mama Viazi alipotua kijiweni, Mombasa, na kitambulisho bado kimening'inia shingoni. Ametoka ukumbini, kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu kuhamishwa kwa soko. Leo umefanyika utangulizi tu. Wauza viazi wataitwa kesho.

"Mwenyekiti kaanza na masharti," akasema. "Kila mtu dakika tatu. Taja jina na sehemu yako sokoni, sema unapinga au unaunga mkono, kisha sababu. Kuzomea hakuna, na maneno yote yapitie kwake."

"Dakika tatu?" Bodaboda akacheka. "Mama, salamu zako peke yake ni tano!"

Karani Mstaafu alikwishachomoa kalamu. Kesho kuna saa mbili za wasemaji, yaani dakika 120. Gawanya kwa tatu, unapata watu 40, tena asikohoe mtu. Waliojiandikisha ni zaidi ya mia. "Akifuata foleni ya majina," akasema, "walioletwa na basi moja asubuhi watamaliza zamu zote. Afadhali aite kwa sehemu: viazi, samaki, mitumba, mahamali, na wakaazi wa kule soko linakopelekwa."

"Ndivyo alivyosema. Kila sehemu wawili, wengine tuandike barua."

"Barua!" Hamali akaguna. "Itafungiwa maandazi."

Hapo Karani akakaa sawa. Mwaka 2014, akawaeleza, Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alitaka watu waitwe kwa kila njia: makanisani, misikitini, mabarazani, redioni. Mkifika huko kortini, mtaulizwa mlisema nini na kimeandikwa wapi. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ukabaki nayo, ndiyo jibu.

Hamali akajikuna. "Mimi nilitia sahihi karatasi ya mlangoni. Nilidhani ni ya chai."

"Ulisoma kichwa chake?" Karani akauliza. " Kama ni mahudhurio, inaonyesha ulikuwepo tu. Kama juu pameandikwa 'wanaounga mkono', umeshahama wewe!"

Mteja wa kinyozi, povu mdomoni, akauliza kwa nini wasipige kelele za "hatutaki" yakaisha.

"Mwenyekiti kasema kesho si kura," Mama Viazi akajibu.

"Basi kelele zenu ataziandika neno moja: wanapinga," Karani akasema. "Lakini ukimwambia lori la viazi linaingia saa tisa usiku, na kule geti halipitishi lori, hiyo ni hoja ya kwenda kupimwa kwa futi. Anza nayo."

Mama Viazi akasimama kujaribu. Bodaboda akawasha saa ya simu. Mama akamshukuru Mungu, akamshukuru mwenyekiti, mwakilishi wa wadi, wazee wa mtaa na marehemu bibi yake aliyemrithisha kibanda.

"Muda umekwisha!"

"Nyamaza, sijafika kwenye lori!"