Gari ya Bububu Haiendi Bububu

Mpwa wangu amesomea filamu Dar es Salaam, na tangu arudi Unguja hana mazungumzo mengine ila bajeti. Alinijia jioni moja, nimekaa zangu barazani na kahawa, akanambia, "Mjomba, wewe si mwandishi? Niandikie sini moja tu, ndani ya daladala, dakika nne." Nikaona hiyo nayo kazi? Daladala naipanda kila siku, na magoti yangu yanaijua kuliko ninavyoijua mimi.

Nikaandika kurasa sita. Gari ya 502, ile ya mbao, inatoka Darajani mchana kweupe na abiria 14, bibi harusi mmoja na mbuzi mmoja. Kufika Maruhubi nikaifungulia bahari nusu ukurasa, ngalawa zinarudi, magofu yanaonekana kwa mbali. Kufika Mtoni nikamsimamisha askari wa barabarani. Katikati ya yote hayo yumo kijana aliyemwacha mkewe asubuhi kwa ujumbe wa simu, na sasa amekalia ubao, ana kwa ana na mama mkwe wake.

Mpwa alisoma kimya. Kisha akatoa kalamu nyekundu, na cha kwanza kukipiga mstari kilikuwa bahari.

"Mjomba, kila unachokiandika nje ya gari, lazima mimi nikinunue."

Akanifafanulia kama mtoto wa chekechea. Gari ikiwa inatembea kweli, mchezaji akikosea neno Kibweni, inabidi kurudi hadi pale sini ilipoanzia, kwa mafuta yetu. Ukirudi, jua limeshahama, kivuli kilichokuwa shavuni sasa kiko puani. Mhariri akija kuunganisha, mama mkwe anauliza swali nyuma yake kuna minazi, kijana anajibu nyuma yake kuna duka la simenti, na swali na jibu vimepishana sekunde mbili. Hapo bado upepo haujaingia kwenye kinasa sauti, na watoto wa njiani hawajaanza kuipungia mkono kamera.

Nikamtajia Kiarostami, maana nami si mshamba. Yule Muirani mwaka 2002 alitoa filamu nzima iitwayo Kumi ndani ya gari mjini Tehran, kamera ndogo zimefungwa mbele ya viti, na gari inatembea. Mpwa akacheka. "Mle wamo watu wawili wawili, mjomba, na hakuna mbuzi."

Basi ikakatwa hukumu. Gari itaegeshwa uani kwa rafiki yake kule Amani, haitasogea hata hatua, na mimi niandike upya sini ambayo mtazamaji hatapata nafasi ya kugundua hilo. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa Unguja analijua: gari za mbao hazina madirisha ya vioo, na masika ikianza kumwaga, turubai zinashushwa ubavuni, mnabaki gizani mnanusana. Hakuna bahari, hakuna minazi, hakuna duka la simenti. Nikaandika juu ya ukurasa: NDANI, DALADALA, USIKU, MVUA. Maneno manne, na nusu ya bajeti imeokoka.

Viti vile navyo vilinisaidia. Kwenye Hiace watu hutazama visogo vya wenzao. Kwenye gari ya mbao mmetazamana, goti kwa goti, na kijana aliyetoa talaka asubuhi hana pa kuyapeleka macho. Bibi harusi akateremshwa kabla hajapanda. Abiria wakabaki wanne. Askari nikamgeuza sauti ya nje, na mbuzi nikaruhusiwa kubaki naye kwa sharti awe juu ya paa, alie tu. Konda pia haonekani uso. Yeye kazi yake ni kugonga bodi.

Na hapo kwenye kugonga ndipo ninapojisifu, kwa kuwa hakuna mwengine atakayenisifu. Gari isiyotembea ikitaka kuonekana inatembea, abiria lazima wayumbe pamoja. Breki ikikamatwa, wote waelekee mbele kwa wakati mmoja. Mmoja akichelewa, mtazamaji ameshajua. Sasa nani awape ishara bila sauti yake kuharibu sini? Nikaandika: konda anagonga mara moja, gari inasimama, anagonga mara mbili, inaondoka. Ndivyo ilivyo barabarani siku zote. Wachezaji wakisikia wanayumba, na vijana walio nje wakisikia wanajua wakati wa kutikisa.

Wa kutikisa walikuwa wawili. Waliingiza boriti ndefu chini ya bodi kwa nyuma, wakaiegemeza juu ya tofali, wakawa wanakandamiza ncha. Springi za gari ile ni ngumu, kwa hiyo boriti fupi haifui dafu. Mwanzo walikandamiza kwa mdundo mmoja, moja-mbili, moja-mbili, na kwenye kamera ikaonekana tumo jahazini tunavuka Pemba. Barabara haina mdundo. Mpwa akawaambia wakandamize, wapumzike, wakandamize mara mbili haraka, wasahau kidogo, halafu shimo.

Kijana wa taa naye alitupotezea saa nzima. Kazi yake ilikuwa kupita na taa ubavuni mwa turubai, iwe kama gari tunazopishana nazo. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari inayokuja hupita kulia kwetu, na mwanga wake huanzia mbele ukaishia nyuma. Yeye alianzia nyuma akaja mbele. Tulipoitazama picha, gari ya Bububu ilikuwa inarudi Darajani kinyumenyume kwa kasi ya ajabu.

Mvua ilitoka kwenye mpira wa maji, juu ya turubai. Uwazi wa nyuma, pale pa kupandia, uliona ukuta wa jirani, tukauziba kwa buibui kuukuu la marehemu bibi yangu, Mungu amrehemu, mwanamke ambaye uhai wake wote hakuwahi kuingia sinema.

Kosa kubwa lakini lilikuwa la sauti, na hilo hatukulijua hadi tumemaliza. Injini ilizimwa ili maneno yanaswe vizuri, kisha ikarekodiwa peke yake, ikinguruma, ikibadili gia. Wachezaji kwa kuwa wamekaa kwenye ukimya, walisema kwa ukimya. Mama mkwe akamnong'oneza kijana, "Mwanangu nimemkuta analia," kwa uchungu wa kukata maini. Tulipoiweka injini juu yake, hakusikika hata neno. Na kama ungemsikia, ungejiuliza nani hunong'ona ndani ya gari ya mbao mvuani. Ilibidi turudie usiku wa pili, wote wakipiga kelele, na mimi nikikata sentensi zangu ndefu moja moja, maana mtu anayepiga kelele hafiki mwisho wa sentensi ndefu.

Tulipomaliza nikamwita jirani yangu, konda wa miaka mingi, aje atazame. Alitazama dakika nne zote bila kupepesa. Hakuona boriti, hakuona buibui. Akageuka akaniuliza:

"Sheikh, dereva gani anaondoka Darajani na watu wanne?"

Mpwa akanitazama mimi. Mimi nikaitazama dari. Kisha nikaomba kalamu, nikaandika mstari mmoja wa konda, sauti tu, haonekani: "Haya, ya mwisho hiyo, ya mwisho, hakuna nyengine!" Tukamsimamisha jirani mlangoni, akausema mara moja tu, safi kabisa, mpwa akazima kinasa.

Jirani hakuondoka. Alisimama palepale, mkono ameukunjua, anadai nauli ya watu 14.