Vidole Vitano na Vifaranga wa Zambarau

Katika nchi yetu ya Ukambani, ambako mzee hukumbuka kila mwaka wa njaa kwa jina lake na kila mbuzi kwa nasaba yake, si jambo dogo kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili kuwa na mpwa wa miaka kumi na minne ambaye, aonapo kitabu, hukumbuka papo hapo kwamba kuna kuni hazijapasuliwa. Mpwa wangu huyu hakai kwangu Kitui ila wakati wa likizo. Siku nyingine zote yuko kwa mama yake na nyanya yake, pande za Wote katika Makueni, na ni kijana mwenye akili kunjufu, anayeweza kufungua kabureta ya pikipiki, kuisafisha kwa petroli na kuirudisha mahali pake bila kusaza skrubu. Basi hatukuwa na hoja ya kumwita mjinga. Tulichokuwa nacho ni rafu ya vitabu alivyozawadiwa na jamaa zake, vyote vizito, vyote vya maadili, na vyote safi kama vilivyotoka dukani.

Kati ya zawadi hizo ilikuwamo moja ambayo lazima niitaje. Shangazi yake wa Nairobi, akiamini kwamba mtoto husoma kwa hiari maandishi ya mtu wa kwao, alimletea *After 4.30* cha David Maillu, mwana wa Kilungu, asijue kwamba kitabu hicho cha mwaka 1974 kinasimulia yale yanayotendeka baina ya mabosi na makarani wao wa kike baada ya saa za kazi, wala kwamba vitabu vya Maillu vya miaka ile viliwahi kupigwa marufuku Tanzania. Nyanya yake, ambaye sisi sote tunamwita Susu na ambaye hasomi Kiingereza, alikipokea kwa heshima akakiweka juu ya Biblia. Kijana alikifungua, akaona kimepangwa kwa beti mithili ya shairi, akakirudisha pale pale. Nasi kwa mara ya kwanza tukamshukuru Mungu kwa chuki yake ya kusoma.

Hapo nikaamua kulishika jambo hili kwa mikono yangu, nikaanza na kanuni ya vidole vitano inayojulikana na walimu wengi: mtoto hufungua ukurasa wowote katikati ya kitabu, akasoma, na kila akutanapo na neno asilolijua akakunja kidole kimoja; vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni kigumu mno kwake kwa wakati huo, na kirudishwe rafuni bila lawama. Ni kanuni nzuri, walakini ina upungufu mmoja ambao vitabu vya ualimu havikuutaja, nao ni kwamba mwenye kukunja vidole ndiye mwenye kesi na ndiye hakimu. Mpwa wangu aliifahamu faida yake kwa dakika moja. Nilipompa riwaya alikunja kidole kwa neno "asubuhi", akakunja cha pili kwa "hatimaye", na kabla ya nukta ya kwanza mkono wake ulikuwa ngumi tupu, akanitazama kwa huzuni ya mtu aliyejaribu kwa dhati ya moyo wake.

Nikageukia vitabu vya picha. Wako watu wa rika langu wanaodhani kwamba hadithi iliyochorwa ni anasa ya watoto wadogo, ilhali nchi hii imekuwa nayo muda mrefu: wengi wetu tulijifunza kucheka gazetini kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau, na miaka ya themanini Terry Hirst alitoa mfululizo wa Pichadithi uliochora visa vya kale kama cha Lwanda Magere. Nilichokipata mimi, kwa muuza vitabu vya mitumba, ni *Abunuwasi* cha Gado, kilichotolewa na Sasa Sema mwaka 1996, kimechakaa pembeni na kina doa la chai. Sikumkabidhi mkononi, maana kitu alichokabidhiwa na mwalimu hugeuka kazi. Nilikiacha juu ya kiti cha nje, karibu na redio, nikaenda zangu shambani.

Faida ya kitabu cha namna hii kwa msomaji dhaifu ni kwamba picha humwondolea mzigo unaomchosha kuliko maneno yenyewe, yaani kukumbuka nani anasema, amesimama wapi, na ana ghadhabu au anatania. Akiisha kutuliwa mzigo huo, nguvu zake zote hubaki kwa maneno machache yaliyo ndani ya viputo. Hatari yake ni kwamba aweza kupekua picha tu na kuyaacha maneno, akamaliza kitabu kizima kwa muda wa kumenya embe. Usimwulize kama amesoma, kwa sababu atasema ndiyo. Kaa mbali kidogo, umtegee sikio aonapo ukurasa ambao kichekesho chake kimo katika maneno na si katika sura za watu: akicheka hapo, amesoma. Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji nikingoja kicheko hicho, hata Susu, aliyekuwa amekuja Kitui kwa matibabu ya macho, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kama ni mimi ninayetafutwa na askari. Kijana alicheka, lakini hadi leo sina yakini alimcheka Abunuwasi au alinicheka mimi.

Abunuwasi akaisha, na vitabu vya namna yake si rahisi kupatikana katika maduka yetu, ambayo huuza vitabu vya mtaala na kalamu. Ndipo nilipopata rundo la *Shujaaz* kuukuu. Hili ni jarida la picha lililoanza mwaka 2010, likigawiwa bure ndani ya gazeti la Jumamosi na katika vibanda vya M-Pesa, na shujaa wake ni kijana aitwaye Boyie anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Limeandikwa kwa Sheng. Mimi niliyesahihisha insha maisha yangu yote nililisoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, na wino mwekundu ulinitamanisha sana. Lakini mpwa wangu hakukunja kidole hata kimoja, bali alinifasiria mimi, na sijapata kumwona mwanafunzi akifurahia somo kama alivyofurahia kunihurumia.

Sasa, jarida hilo halikuishia kwenye masihara. Lilitia ndani ya visa vyake maarifa ya kilimo na ya kujipatia riziki, na mojawapo ya yale yaliyopata sifa ni la kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kuwa ni chakula. Kijana alirudi Wote na rundo lake. Dada yangu ni msusi wa vyondo, na nyuma ya jiko lake hukaa masufuria ya rangi anazochemshia katani. Siku ya tatu akanipigia simu, na kwa muda mrefu sikuelewa neno zaidi ya "zambarau". Kumbe mwanawe alikuwa amewatia rangi vifaranga wote waliototolewa wiki ile, mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, akiwaepusha macho na midomo kama alivyosoma, na sasa walikuwa wakizunguka uani kama zabibu zenye miguu. Kuku mama aliwatazama kwa mashaka, akawazunguka, kisha akasikia sauti zao akawakubali. Jirani hakukubali. Yeye alishikilia kwanza kwamba huo ni uchawi, na alipoelezwa makusudi yake akashikilia jambo gumu zaidi kujibu: kwamba mwewe, madhali wameogopeshwa kwa dada yangu, wamehamia kwake, na kwa hiyo anadai fidia ya vifaranga wawili wa rangi ya kawaida. Dada yangu akataka kujua ni lini nitamfundisha mtoto vitabu visivyo na madhara.

Nikampelekea historia. Nilijua kwamba kijana huyu hapendi mwanzo wa habari, hasa zile zinazoanza na kuzaliwa kwa mtu. Basi nikatwaa kisa cha Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, nikakiandika upya kwa Kiswahili katika kurasa nne za herufi kubwa, na kuzaliwa kwake, mahubiri yake na kamusi yake nikavifuta vyote. Nilianza na bunduki. Mwaka 1851, karibu na Mto Tana, msafara wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia porini peke yake, na kwa kuwa hakuwa na chombo alijaza maji ndani ya mtutu wa bunduki yake na ndani ya mfuko wa darubini, akaziba mtutu kwa nyasi, na miiba ya vichaka ikazing'oa nyasi hizo maji yakamwagika. Kurasa nne, kiu, bunduki, na mahali ambapo msomaji anapajua kwa miguu yake: sikuona ulazima wa kuongeza kitu.

Dada yangu akapiga simu tena. Safari hii ulikuwa mpira wa kumwagilia bustani, uliokatwa kipande cha dhiraa moja, ukajazwa maji, ukazibwa nyasi ncha zote mbili na kupelekwa malishoni pamoja na mbuzi. Kijana mwenyewe aliichukua simu. "Shikamoo, mjomba. Yule Mjerumani alikosea. Nyasi kavu haizuii maji. Angeomba nta kwa wenye mizinga." Niliketi. Mtu aliyekuwa hajui maana ya "asubuhi" alikuwa amesoma kurasa nne na sasa anamrekebisha mwandishi, na hiyo kwangu ni dalili kubwa kuliko alama yoyote ya mtihani. Fedha ya mpira mpya niliituma jioni ile ile.

Likizo iliyofuata alidai kuonyeshwa mlima, maana katika kurasa zile nilikuwa nimetaja kwamba tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka huku huku Kitui, akiwa mgeni wa Kivoi, na kwamba mjuzi mmoja wa London aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikanusha habari hizo za theluji. Tukapanda kilima kabla ya alfajiri, kwa kuwa mchana vumbi na mawingu huuficha, nami magoti yangu yakinilaani kwa lugha mbili. Tukaona ukungu, kisha ukungu mwingine, kisha mbuzi wa mtu. Kijana akatafakari, akatangaza kwamba anamuunga mkono Cooley.

Sikumjibu kwa maneno; nilimwandikia kurasa tatu za Joseph Thomson, aliyeuona mlima huo kwa macho yake mwaka 1883 akipita nchi ya Wamaasai, na ili azisome nilianza na lile ambalo Thomson mwenyewe alilisimulia, kwamba aliwatisha wenyeji kwa kuyachomoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha kinywani, akajifanya mganga. Dada yangu, ambaye siku hizi husoma kila ninachotuma kabla ya mwanawe, alimsomea Susu ukurasa wa kwanza kwa sauti. Nasikia Susu alisikiliza hadi mwisho, akauliza kijana atarudi saa ngapi kutoka shuleni, akainuka, akaenda kuyafungia meno yake sandukuni.